Namna ya kumwandikia mgeni maelezo ya bili: sevis chaji, tozo ya utalii na vile vya ziada

Nafanya kazi risepsheni hapa Bagamoyo, hoteli ndogo tu upande wa Mji Mkongwe, na kitu kimoja nimekiona mara nyingi sana ni kwamba mgeni hagombani na bei ya chumba, chumba alishakijua bei yake toka anabuk, anachogombana nacho ni ile mistari midogo ya chini ya bili ambayo hakuna mtu aliyemweleza. Anasimama kaunta, begi liko mlangoni, dereva anapiga honi, na wewe unaanza kueleza kwa mdomo vitu vinne kwa pamoja, hapo lazima mtu aone anaibiwa. Ndo maana siku hizi tunaandika, na naweka hapa jinsi tunavyoandika ili mwenzangu wa Tanga, Pangani au popote penye hoteli ya saizi yetu achukue.

Nitaeleza kwa bili moja ya kweli, nimezungusha tu bei ili hesabu ziwe rahisi kufuata. Dada mmoja wa Mombasa na mume wake walilala kwetu usiku 3. Chumba sh 150,000 kwa usiku na chai ya asubuhi ndani. Walikula kwetu jioni, walifuliwa nguo, siku ya pili wakaenda magofu ya Kaole na mtembeza wageni tuliyewatafutia sisi, na siku ya kuondoka wakaomba kukaa na chumba mpaka saa 10 jioni. Bili iliyotoka kwenye kompyuta ilikuwa sh 800,625. Akalipa taslimu kwa sababu gari la kwenda Tanga lilikuwa linawasubiri, ila usiku akiwa Tanga kabla ya kuvuka Horohoro asubuhi akatuandikia wasap maswali matatu: hii sevis chaji ya 38,125 imetoka wapi, hii tozo ya utalii mbona ni kwa kichwa wakati kwetu Kenya ni asilimia 2, na mbona risiti ya mashine haifanani na bili mliyonipa.

Maswali mazuri yote matatu, na la kwanza alikuwa sahihi kabisa, sisi ndo tulikosea.

Hatua ya kwanza: kabla hujaandika neno lolote, gawa bili kwenye mafungu matatu

Usianze kujibu. Chukua karatasi, kila mstari wa bili uulize: nani ameweka hii hela? Majibu yapo matatu tu. Kuna iliyowekwa na serikali, kuna iliyowekwa na hoteli, na kuna aliyoiomba mgeni mwenyewe. Kwenye bili yetu ikawa hivi:

Serikali: tozo ya maendeleo ya utalii.
Hoteli: chumba, chakula na vinywaji, ada ya huduma.
Mgeni kaomba: dobi, mtembezaji wa Kaole, kuchelewa kutoka chumbani.

Mgawanyo huu unakusaidia kwenye kuchagua maneno. Neno "kodi" na neno "tozo" yaache kwa serikali tu, usiyatumie kwenye kitu chako. Nimewahi kuona bili imeandikwa "kodi ya huduma 5%" na mgeni akaamini kabisa ni ya serikali, sasa siku akilala hoteli ya jirani ambayo haitozi akaikosa hiyo "kodi", anakuona wewe tapeli na ana haki. Sevis chaji sio kodi, ni utaratibu wa hoteli yako, hoteli nyingine inatoza nyingine haitozi. Sisi tunaandika "ada ya huduma ya hoteli", lile neno "ya hoteli" liko pale makusudi.

VAT usiifanye mstari wa kuongeza kama bei zako tayari zinayo ndani. Kiwango cha kawaida cha bara ni 18% na hoteli iliyosajiliwa lazima iitoe, lakini kama bei ya chumba na ya menyu imeshaijumuisha basi andika sentensi moja tu chini, "bei zote za hoteli zina VAT ndani yake", basi. Ukiandika mstari "VAT 18%" pembeni na kiasi, mgeni anajumlisha tena kichwani.

Hatua ya pili: angalia asilimia imepigwa juu ya nini

Hapa ndo tulipoanguka sisi na nadhani hoteli nyingi zinaanguka hapa bila kujua. Utaratibu wetu ni 5% kwenye chakula na vinywaji tu, imeandikwa hata kwenye menyu ukurasa wa mwisho. Chakula na vinywaji vyao jumla ilikuwa sh 186,000, kwa hiyo ada ya huduma ilitakiwa iwe sh 9,300. Sasa kompyuta ilitoa sh 38,125. Nikachukua kalkuleta nikarudi nyuma: 38,125 gawanya kwa 0.05 unapata 762,500. Nikajumlisha bili nzima bila ile ada: chumba 450,000, chakula 186,000, tozo ya utalii 22,500, mtembezaji 40,000, dobi 14,000, kuchelewa kutoka 50,000. Jumla 762,500 kamili. Yaani mfumo umepiga 5% juu ya kila kitu, mpaka juu ya tozo ya serikali, mpaka juu ya hela ya mtembezaji ambayo sisi hatubaki hata na shilingi yake.

Hiyo hesabu ya kurudi nyuma ijue, ni ya nusu dakika. Chukua kiasi cha ada, gawanya kwa asilimia, namba inayotoka ndo msingi uliotumika. Ikifanana na jumla ya chakula uko salama, ikifanana na jumla ya bili nzima una tatizo. Kwetu sababu ilikuwa kijana mpya alibadilisha mpangilio kwenye kompyuta ili ada isisahaulike kwenye oda za vyumbani, akaweka alama kwenye "bidhaa zote". Nia yake ilikuwa nzuri. Tulikagua bili za wiki ile tukakuta na wengine wanne.

Tozo ya serikali usiipigie asilimia yako hata siku moja. Wewe pale unaibeba tu kuipeleka, ukiongeza ada ya huduma juu yake unakuwa umejitengenezea faida kwenye hela ya watu wengine, na ikiandikwa kwenye karatasi haiwezi kuelezeka, jaribu uone.

Hatua ya tatu: andika mstari wa ada ya huduma

Mstari mzuri unabeba vitu vitatu, umepigwa juu ya nini, ni kiasi gani, na hela inaenda kwa nani. Wetu unasomeka hivi sasa:

"Ada ya huduma ya hoteli: 5% ya chakula na vinywaji (sh 186,000) = sh 9,300. Sio kodi ya serikali. Hugawiwa wafanyakazi wote mwisho wa mwezi."

Ile sentensi ya mwisho iandike kama ni kweli tu. Kama kwenu ada inaingia kwenye mapato ya hoteli basi usiseme inagawiwa wafanyakazi, kwa sababu mgeni akisoma hivyo haachi bakshishi, na mhudumu aliyembebea sahani siku tatu anakosa huku na huku. Nimeona wahudumu wanalia kwa hili jambo, sio masihara. Na kama ada ni ya hiari, mgeni akikataa mnaitoa, liandike hilo neno "ya hiari". Kama ni ya lazima basi sehemu yake ni kwenye menyu na kwenye uthibitisho wa buking, mtu aione kabla hajaagiza pweza.

Tofauti nyingine ya kujua ni hii: ada unayoitoza kwenye bili ni sehemu ya mauzo yako, inaingia kwenye risiti ya mashine na VAT yake imo. Bakshishi ambayo mgeni kaiacha mwenyewe mezani haingii kwenye bili kabisa, ni ya yule aliyepewa.

Hatua ya nne: tozo ya utalii, na hapa nenda polepole

Huyu dada wa Mombasa alikuwa anafananisha na kwao, Kenya tozo ya utalii ni asilimia 2 ya mauzo ya hoteli. Kwetu bara iko tofauti, tozo ya maendeleo ya utalii ilianza kutozwa 2013 na kwenye hoteli yetu inahesabiwa kwa mtu kwa usiku, dola 1.5 kila kichwa kila usiku. Kwa hiyo ukilala chumba cha elfu themanini au cha laki tano tozo ni ile ile, inachobadilisha ni idadi ya watu na idadi ya usiku. Ukimweleza mgeni hivi mara moja anaelewa kwa nini sio asilimia, shida ni kwamba kwenye bili inaandikwa "TDL" na namba tu, nani atajua TDL ni nini.

Sasa kiwango kimewekwa kwa dola lakini bili ni ya shilingi, na toka Machi 2025 kanuni zimekataza kupanga na kudai bei za ndani kwa fedha za kigeni. Kwa hiyo usimwandikie mgeni "dola 9" ukaishia hapo. Andika hesabu yote na uweke kiwango cha kubadilishia ulichotumia pamoja na tarehe yake. Kwenye mfano huu natumia sh 2,500 kwa dola ili iwe rahisi:

"Tozo ya maendeleo ya utalii (ya serikali): watu 2 × usiku 3 = 6. Dola 1.5 × 6 = dola 9, kwa kiwango cha sh 2,500 = sh 22,500. Hoteli inakusanya na kuiwasilisha, haibaki nayo."

Makosa mawili yanajirudia hapa. La kwanza ni kuhesabu siku badala ya usiku, mtu kaingia Alhamisi katoka Jumapili, ukihesabu kwa vidole Alhamisi Ijumaa Jumamosi Jumapili unapata 4, lakini amelala mara 3. Kwa hawa wawili kosa hilo lingewatoza 30,000 badala ya 22,500. La pili ni kuhesabu vyumba badala ya watu, hapo unakuwa umemtoza pungufu na ukija kuwasilisha hela inatoka mfukoni kwa hoteli. Kwa hiyo kabla ya kuandika fungua kitabu cha wageni, hesabu majina, hesabu usiku, halafu ndo upige.

Na kama hoteli yako iko kwenye utaratibu mwingine wa tozo, labda ni nyumba ya kulala wageni inayolipa halmashauri, andika jina la tozo unayolipa wewe na mahali unapoipeleka, usinakili mstari wa jirani.

Hatua ya tano: vile vya ziada, weka saa na weka aliyekubali

Hivi viko rahisi, ila vinahitaji ushahidi. Mgeni anasahau. Mke anaomba kukaa na chumba mpaka jioni, mume ndo analipa na hajui lolote, hapo mabishano ni ya nyumbani kwao lakini yanafanyikia kwenye kaunta yako. Kwa hiyo kila cha ziada kiandikwe kilikubaliwa lini na nani na kwa njia gani. Hivi ndo tulivyoandika:

"Kuchelewa kutoka: muda wa kutoka ni saa 4 asubuhi, chumba kilitumika mpaka saa 10 jioni kwa maombi yenu ya Jumamosi jioni risepsheni. Sh 50,000.
Dobi: nguo 7 × sh 2,000 = sh 14,000, orodha mliyosaini imeambatanishwa.
Mtembezaji wa Kaole: sh 40,000, amepewa mwenyewe yote. Kiingilio cha magofu mlilipa wenyewe pale pale, hakimo kwenye bili hii."

Hiyo sentensi ya kiingilio inaonekana haina kazi, lakini ndo iliyozuia swali la nne. Mtu aliyelipa kiingilio Kaole halafu akaona "Kaole 40,000" kwenye bili lazima afikiri amelipishwa mara mbili.

Hatua ya sita: kwa nini risiti ya mashine haifanani na bili

Bili ilikuwa 800,625, risiti ya EFD ilikuwa 738,125. Tofauti ni 62,500. Mgeni akiona hivyo wazo la kwanza ni kwamba mnaficha mauzo, na kama ni mtu wa kampuni mhasibu wake anakataa kumrudishia hela yote. Angalia tofauti yenyewe: 22,500 ya tozo ya utalii jumlisha 40,000 ya mtembezaji. Kwetu mhasibu ameviweka hivyo viwili nje ya risiti kwa sababu sio mauzo ya hoteli, kimoja tunakipeleka serikalini na kingine tulikipokea tukamkabidhi mwenyewe. Kwenu mhasibu anaweza kupanga vingine, muulize kwanza. Cha msingi bili iwe na jumla ndogo mbili, "vya hoteli (viko kwenye risiti)" na "tulivyopokea kwa niaba ya wengine", halafu jumla kuu chini yake. Ukifanya hivyo mgeni anaziona namba zote mbili kwenye karatasi moja na swali linajifia.

Hatua ya saba: jibu lenyewe

Huu ndo ujumbe tuliomtumia asubuhi yake. Nimeondoa majina.

"Asalaam aleikum dada, pole na safari. Nimepitia bili yenu mstari kwa mstari. Ada ya huduma tumekosea sisi: inatakiwa iwe 5% ya chakula na vinywaji tu, yaani sh 9,300, ila mfumo wetu ulipiga kwenye bili nzima ikawa sh 38,125. Tunawarudishia sh 28,825 leo, naomba unitumie namba ya kupokelea, gharama ya kutuma ni juu yetu.
Tozo ya utalii sh 22,500 iko sawa: kwetu inahesabiwa kwa mtu kwa usiku, sio asilimia kama Kenya. Watu 2, usiku 3, dola 1.5 kila mmoja.
Risiti ya mashine ni ndogo kuliko bili kwa sh 62,500, ambayo ni tozo ya utalii 22,500 na mtembezaji 40,000, vyote viwili sio mauzo ya hoteli.
Bili sahihi ni sh 771,800, nimeiambatanisha. Samahani sana kwa usumbufu, na asante kwa kuuliza."

Angalia mpangilio. Kosa linatangulia, na kiasi cha kurudisha kiko kwenye sentensi ile ile, halijafukiwa katikati ya maelezo ya tozo. Hatukuandika "huenda kulikuwa na hitilafu", tumeandika tumekosea. Mahali tulipokuwa sahihi tumesema iko sawa na hesabu ikafuata hapo hapo bila kujitetea. Usiandike pia "kwa mujibu wa sheria" kwenye kila mstari, liandike kwenye tozo ya serikali tu, maana ukilisogeza mpaka kwenye ada yako unarudi kule kule kwenye "kodi ya huduma".

Kitu kimoja cha kiofisi: risiti ya EFD ikishatoka huwezi kuifuta kwa kalamu wala kutoa nyingine kimya kimya. Ile 28,825 ilikuwa imeshaingia kwenye risiti, kwa hiyo mhasibu akaandika noti ya marejesho inayotaja namba ya ile risiti na sababu, nakala moja kwa mgeni nyingine kwenye faili. Usirudishe hela kwa simu tu ukanyamaza, mwisho wa mwezi mauzo na fedha havitakutana na atakayeulizwa ni wewe uliyekuwa zamu.

Baada ya pale tukahamisha maelezo yote yaje mwanzo. Uthibitisho wa buking sasa una mistari minne chini ya bei: ada ya huduma ni ngapi na kwenye nini, tozo ya utalii kwa mtu kwa usiku, muda wa kutoka na bei ya kuchelewa, na kwamba bei zote zina VAT ndani. Mistari hiyo hiyo iko kwenye karatasi moja imebandikwa ndani ya mlango wa kabati kila chumba, kwa herufi kubwa, maana ile ya kwanza tuliichapa ndogo na wazee walikuwa wanakuja nayo kaunta kuomba wasomewe. Usiku wa mwisho kabla mgeni hajaondoka tunampelekea bili ya awali mezani akiwa anakula, anaipitia akiwa ametulia, na kama kuna mstari haelewi anauliza pale pale wakati kompyuta bado inaruhusu kusahihisha na mashine haijatoa risiti.

Wale wageni wengine wanne wa wiki ile, wawili walikuwa bado hawajatoka Bagamoyo tukawafuata, mmoja tulimtumia kwa simu, na mmoja wa kutoka Dodoma alisema hela yake ibaki kwa mhudumu aliyemhudumia, tukamwandikia tena kumthibitishia jina la aliyepewa na kiasi.